Chuma Kwenye Maji ya Kisima: Namna ya Kuchora Mstari wa Spektrofotometa Unaoaminika

Maji ya visima vingi virefu hutoka kwenye pampu yakiwa meupe kabisa. Ukiyaacha kwenye ndoo hadi jioni, yanaanza kugeuka manjano, na kesho yake asubuhi kuna tope jekundu limetuama chini. Hilo ni chuma. Chini ardhini, pasipo hewa, chuma kilikuwa kimeyeyuka kama ayoni ya Fe²⁺ isiyo na rangi ya kuonekana. Kilipokutana na oksijeni kikageuka Fe³⁺, kikawa kutu, kikazama. Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha kiafya kwa chuma katika maji ya kunywa, lakini linaeleza kwamba kikizidi miligramu 0.3 kwa lita huanza kutia madoa nguo na masinki.

Tuseme umepewa chupa ya maji kama hayo na kuambiwa uandike ripoti ya maabara: lita moja ina miligramu ngapi za chuma? Nitakuonyesha kazi hiyo kuanzia kwenye chupa hadi sentensi ya mwisho ya matokeo. Nitakaa zaidi kwenye mstari wa kalibresheni, kwa sababu ripoti nyingi nilizosahihisha ziliharibikia hapo, na mara nyingi mwandishi hakujua kwamba zimeharibika.

Sheria yenyewe inasema nini

Spektrofotometa haioni chuma. Inaona mwanga tu: umeingia kiasi gani kwenye kuveti na umetoka kiasi gani upande wa pili. Kwa hiyo kwanza tunakipa chuma rangi. Tunakiunganisha na fenanthrolini, na molekuli tatu za fenanthrolini zinapoizunguka ayoni moja ya Fe²⁺, myeyusho unapata rangi ya chungwa iliyokolea. Rangi hiyo tunaiona kwa sababu myeyusho umefyonza mwanga wa bluu inayoelekea kijani. Ufyonzaji wake unafikia kilele kwenye nanometa 510 hivi, na hapo ndipo tutakapopima.

Fikiria myeyusho umekatwa vipande vyembamba kama kurasa za kitabu. Ikiwa ukurasa wa kwanza unapitisha nusu ya mwanga, wa pili utapitisha nusu ya kilichobaki, na wa tatu nusu ya hicho. Inabaki robo, kisha thumuni. Kila ukurasa unakula sehemu ileile ya mwanga unaoufikia, si kiasi kilekile. Pierre Bouguer aliliona jambo hili mwaka 1729, Johann Lambert akaliandika kwa hesabu mwaka 1760, na mwaka 1852 August Beer akaonyesha kwamba kuongeza rangi ndani ya myeyusho kuna matokeo sawa na kuongeza kurasa.

Ukichora asilimia ya mwanga uliopita dhidi ya ukolezi, yaani kiasi cha chuma kwenye lita, utapata mkunjo. Ukichukua logi ya asilimia hiyo, mkunjo unanyooka. Ndiyo sababu tunatumia ufyonzaji, unaoandikwa A:

```
A = log(P0 / P) = ε b c
```

P0 ni nguvu ya mwanga unaoingia na P ni ya unaotoka. Herufi b ni unene wa kuveti, kwa kawaida sentimita 1, na c ni ukolezi. Herufi ε inaonyesha nguvu ya rangi ya kitu hicho kwenye urefu huo wa wimbi. Mwanga ukipita wote, A ni 0. Ukipita asilimia 10, A ni 1. Ukipita asilimia 1, A ni 2. Shika namba hizi tatu, maana tutazirudia tutakapoona mstari unapinda.

Kuandaa viwango

Kwa chuma, ε inajulikana vizuri: ni kama lita 11,100 kwa moli kwa sentimita. Unaweza kujiuliza kwa nini basi usipime A ya sampuli na kugawanya. Sababu ni kwamba namba hiyo ya kitabuni ni ya mashine ya wale walioipima, kuveti zao na kemikali zao. Kalibresheni ndiyo inayokupa namba ya mashine yako, siku yako, kwa kemikali ulizozichanganya wewe. Namba ya kitabuni itatufaa baadaye, kama shahidi.

Myeyusho mama hutengenezwa kwa chumvi ya Mohr, yaani amonia feri salfeti. Pima gramu 0.7022, iyeyushe kwenye maji yaliyotiwa asidi ya salfyuriki kidogo ili chuma kisigeuke kutu, kisha jaza hadi lita moja. Unapata miligramu 100 za chuma kwa lita. Chukua mililita 10 za huo, jaza hadi 100 kwa maji yaliyokenekwa, na sasa una myeyusho wa kazi wa miligramu 10 kwa lita.

Panga flaski sita za mililita 50. Kwa pipeti tia mililita 0, 2.5, 5, 10, 15 na 20 za myeyusho wa kazi. Flaski zikijazwa zitakuwa na miligramu 0, 0.5, 1, 2, 3 na 4 kwa lita. Usitumie silinda ya kupimia hapa, kwani kosa la ujazo linaingia moja kwa moja kwenye mhimili wa ulalo, na hesabu za mstari zinachukulia kwamba mhimili huo hauna kosa kabisa.

Kila flaski, pamoja na ile ya sifuri, inapata kemikali zilezile kwa mpangilio uleule. Kwanza mililita 1 ya asidi ya haidrokloriki na mililita 1 ya haidroksilamini haidrokloridi ya asilimia 10, inayorudisha Fe³⁺ yote kuwa Fe²⁺. Ukiisahau hii, fenanthrolini itakamata sehemu tu ya chuma na sampuli itaonekana safi kuliko ilivyo. Kisha mililita 10 za bafa ya amonia aseteti na asidi asetiki, na mwisho mililita 5 za fenanthrolini ya asilimia 0.1. Jaza hadi alama, geuza flaski mara kadhaa, subiri dakika 10.

Sampuli nayo inapita njia hiyohiyo, ila ina hatua moja zaidi. Kama chupa imeshakuwa na tope jekundu, chuma chako kiko kwenye tope, hakiko kwenye maji meupe ya juu. Kwa hiyo maji yalipaswa kutiwa asidi palepale kisimani. Hata hivyo tikisa chupa vizuri, chota mililita 25 uweke kwenye bika, tia asidi na haidroksilamini, kisha pasha moto taratibu mpaka wekundu wote uyeyuke. Ipoe, hamishia yote kwenye flaski ya mililita 50 ukisuuza bika, ongeza bafa na fenanthrolini, jaza. Fanya hivyo mara tatu kwa michoto mitatu tofauti. Kusoma kuveti moja mara tatu kunakuambia mashine imetulia kiasi gani, wala hakukuambii lolote juu ya mkono wako. Kama maji yalitiwa asidi nyingi kisimani, gusisha tone la myeyusho wa mwisho kwenye karatasi ya pH. Rangi hukamilika pH ikiwa kati ya 3 na 9, na asidi iliyozidi inaweza kuishinda bafa.

Flaski ya sifuri huitwa blanki, na wanafunzi wengi huidharau. Bafa ya amonia aseteti, hata iliyo nzuri, mara nyingi huja na chuma chake kidogo. Blanki ndiyo inayokionyesha. Ndiyo maana pia ukitengeneza bafa mpya lazima utengeneze viwango vipya, usitumie mstari wa wiki iliyopita.

Kwenye mashine

Washa spektrofotometa, iache ipate joto kwa muda unaotajwa kwenye maelezo yake. Pitisha kiwango cha miligramu 2 kwenye mawimbi ya kuanzia 480 hadi 540, uone kilele kiko wapi. Tunapima kileleni kwa sababu mbili. Ya kwanza inajulikana: hapo ufyonzaji ni mkubwa. Ya pili ndiyo yenye uzito zaidi. Mashine haitoi mwanga wa urefu mmoja tu, bali ukanda mwembamba wa mawimbi. Kileleni, ε inakaribia kuwa sawa katika ukanda wote, na sheria inashika. Kwenye mteremko wa kilele kila wimbi ndani ya ukanda lina ε yake, na jumla yake haitoi mstari ulionyooka. Zaidi ya hapo, kosa dogo la kuseti urefu wa wimbi linakuwa kosa kubwa la usomaji.

Shika kuveti pande zenye ukungu. Isuuze kwa myeyusho utakaoupima, futa nje kwa karatasi laini, angalia kama kuna kiputo kimeganda ukutani, na uiweke ikitazama upande uleule kila mara. Alama ya kidole huongeza ufyonzaji ambao hauhusiani na chuma. Soma kuanzia myeyusho hafifu kwenda ulio mzito, ili mabaki ya mzito yasichafue hafifu.

Weka sifuri ya mashine kwa maji yaliyokenekwa, kisha soma flaski zote sita, blanki ikiwemo. Tuchukue kwamba umepata hivi:

```
c (mg/L)    A
0           0.003
0.5         0.104
1.0         0.196
2.0         0.403
3.0         0.589
4.0         0.798
```

Sampuli zako tatu zimesoma 0.352, 0.357 na 0.350. Wastani ni 0.353.

Mstari na hesabu yake

Ukolezi unakaa kwenye mhimili wa ulalo na ufyonzaji kwenye mhimili wima. Chora nukta peke yake. Usiziunganishe kwa mistari ya kutoka nukta hadi nukta, maana hapo utakuwa umechora makosa yako badala ya sheria. Kisha pitisha mstari mmoja wa wastani. Ukolezi ukiwa safu ya A na ufyonzaji safu ya B kwenye Excel, fomula nne zinatosha:

```
=SLOPE(B2:B7,A2:A7)
=INTERCEPT(B2:B7,A2:A7)
=RSQ(B2:B7,A2:A7)
=STEYX(B2:B7,A2:A7)
```

Kwa data hizi mteremko ni 0.1979, mstari unakata mhimili wima kwenye 0.0025, R² ni 0.9998, na namba ya mwisho, inayoonyesha nukta zimetawanyika kiasi gani kutoka kwenye mstari, ni 0.0054. Mlinganyo wako ni huu:

```
A = 0.1979 c + 0.0025
```

Utashawishika kuulazimisha mstari upite kwenye sifuri kwa hoja kwamba sheria inasema hivyo. Usifanye. Sheria inazungumzia chuma peke yake, na flaski zako zina bafa, zina kuta za kuveti, zina chuma cha kemikali. Ile 0.0025 ni habari ya kweli kuhusu maabara yako. Ipo pia hatari ya kuitoa mara mbili: mtu anatoa usomaji wa blanki kwenye kila A, halafu anatumia mlinganyo uliopatikana kabla ya kuitoa, na hivyo anatoa tena sehemu ya kukatia mhimili. Chagua njia moja. Hapa tumeiacha blanki iwe nukta ya kwanza ya mstari, basi hatuitoi tena popote.

Sasa sampuli. Toa 0.0025 kwenye 0.353, gawanya kwa 0.1979, unapata miligramu 1.77 kwa lita. Hilo ndilo jibu la kilichomo kwenye flaski, na flaski si kisima. Ulitia mililita 25 za maji ukajaza hadi 50, hivyo zidisha mara mbili: miligramu 3.54 kwa lita. Kusahau hatua hii ndilo kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote, na linauma kwa sababu kazi yote ya mkono ilikuwa sahihi.

Kumwita shahidi

Kabla ya kuuamini mstari wako, mwite yule shahidi wa kitabuni. Mteremko wa 0.1979 ni kwa miligramu. Moli moja ya chuma ina miligramu 55,845. Zidisha, utapata 11,050 hivi, kwenye kuveti ya sentimita 1. Kitabu kilisema kama 11,100. Mmeelewana.

Hesabu hii ya mstari mmoja inafichua mambo ambayo grafu inayaficha. Chukulia chumvi ya Mohr ilikuwa ya zamani na imeshapoteza sehemu ya maji yake, au mtu alijaza flaski ya myeyusho mama kupita alama. Viwango vyote vitakosea kwa uwiano uleule, nukta zote zitakaa kwenye mstari ulionyooka vizuri, na R² itakuwa nzuri ileile. Mteremko tu ndio utakaokuwa mbaya. Ukipata ε ya 9,000 usiendelee. Rudi kwenye mizani na flaski ya kwanza. Ikiwa sawa na nusu ya ile ya kitabuni, karibu kila mara kuna mtu alikosea kupunguza ukolezi mara mbili.

R² haitoshi

Hapa ndipo ninapotaka utulie. Ripoti nyingi huandika R² kisha hutangaza kwamba sheria imethibitishwa. Tuone inavyoweza kudanganya.

Tuseme umeamua kuongeza kiwango cha saba, cha miligramu 8, kwa kutia mililita 4 za myeyusho mama wenyewe. Kwa mlinganyo wetu kingesoma karibu 1.586, lakini mashine imesoma 1.500. Ukipitisha mstari kwenye nukta zote saba, Excel inakupa R² ya 0.9989. Namba hiyo inapendeza, na wengi wangeipokea. Ila mteremko umeshuka hadi 0.1878 na mstari sasa unakata mhimili kwenye 0.0170.

Kokotoa mabaki, yaani usomaji halisi ukitoa ule unaotabiriwa na mstari, nukta kwa nukta:

```
c       mabaki
0       -0.014
0.5     -0.007
1.0     -0.009
2.0     +0.010
3.0     +0.009
4.0     +0.030
8.0     -0.019
```

Tazama alama. Hasi tatu, chanya tatu, kisha hasi. Makosa ya mkono hayajipangi hivyo. Yanaruka juu na chini bila utaratibu, kama yanavyofanya kwenye mstari wetu wa nukta sita, ambako mabaki makubwa kabisa ni 0.007. Mabaki yaliyojipanga kama upinde yanakuambia kwamba data ni mkunjo na wewe umeulazimisha mstari juu yake.

Madhara yake hayaonekani kwenye sampuli yetu, kwa sababu iko katikati. Kwa mlinganyo mbovu flaski ingetoa 1.79 badala ya 1.77. Lakini chukua maji ya kisima kingine, yaliyosoma 0.050. Mstari mzuri unasema flaski ina miligramu 0.24, yaani kisima kina 0.48. Mstari uliopinda unasema flaski ina 0.18, kisima 0.35. Zaidi ya robo ya chuma imepotea kwenye karatasi, kwa sababu ya nukta moja iliyo mbali kule juu.

Kwa nini nukta ya juu ililegea? Kumbuka kwamba A ya 2 inamaanisha asilimia 1 tu ya mwanga ndiyo inayopita. Ndani ya kila mashine kuna mwanga uliopotea njia: unaakisiwa kwenye kuta, au una urefu mwingine wa wimbi, na unaifikia sensa bila kufyonzwa na myeyusho. Kama mwanga huo ni asilimia 1, mashine inauhesabu pamoja na ule wa kweli, na myeyusho wenye A ya 2 utasomeka 1.70. Wenye A ya 0.5 utasomeka 0.49, na huenda usione tofauti. Mashine hiyo haiwezi kamwe kusoma zaidi ya 2.0 hivi hata ukitia wino. Kwenye mfano wetu, mwanga potevu wa nusu asilimia na kitu unatosha kuishusha 1.586 hadi 1.500.

Basi kwa mashine za kawaida za kufundishia, panga viwango vyako A ikae chini ya 1. Ukiona nukta ya juu imelegea, itoe na useme wazi kwenye ripoti kwamba mstari ulipoteza unyoofu baada ya kiwango fulani. Kuitoa kimyakimya ili R² ipande ni jambo jingine kabisa, na msomaji makini ataliona.

Sampuli iliyozidi mstari

Je, sampuli ikisoma 1.8? Mstari wako umeishia 4, na nje ya hapo huna ushahidi wowote, kwa hiyo usiurefushe kwa rula. Punguza ukolezi. Lakini unapunguza nini?

Wengi huchukua ule myeyusho wa chungwa, wanauongezea maji mara tano, wanausoma. Ni rahisi, na mara nyingi ni kosa. Mililita 5 za fenanthrolini ya asilimia 0.1 zinatosha kukamata chuma hadi miligramu 9 hivi kwa lita ndani ya flaski ya mililita 50, kwa kuwa kila ayoni inahitaji molekuli tatu. Sasa fikiria kisima chenye miligramu 30 kwa lita. Ndani ya flaski ni 15, lakini ni 9 tu zitakazopata rangi, na sita zinabaki zikiwa hazionekani. Ukipunguza rangi hiyo mara tano utapata usomaji mzuri wa karibu 0.36, katikati kabisa ya mstari, na utaripoti kama miligramu 18. Hakuna kitu kwenye grafu kitakachokuonya.

Punguza maji ya kisima kabla ya kuyatia kemikali. Chukua mililita 5 badala ya 25, fanya kila hatua upya, zidisha kwa 10 badala ya 2. Kama huna uhakika, fanya vipimo viwili vya viwango tofauti vya kupunguza. Vikitoa jibu moja, kemikali zilitosha.

Neno moja kuhusu maji yenye rangi yake ya asili, kama ya vinamasi na mito yenye majani yaliyooza. Umanjano wao nao unafyonza mwanga. Andaa flaski moja ya sampuli yenye kila kitu isipokuwa fenanthrolini, soma, toa usomaji wa blanki iliyokosa fenanthrolini vilevile, kisha kinachobaki kitoe kwenye A ya sampuli. Blanki ya kawaida haiwezi kufanya kazi hii, kwa kuwa haina maji ya mto ndani yake.

Kuandika matokeo

Jibu la 3.54 bado linadai kiasi cha shaka. Shaka hiyo inatoka kwenye mtawanyiko wa nukta, kwenye idadi ya viwango na kwenye idadi ya sampuli ulizosoma. Fomula yake ni hii, ambapo s ni ile namba ya STEYX, m ni mteremko, k ni idadi ya sampuli, n ni idadi ya viwango, ȳ ni wastani wa A za viwango na Sxx ni jumla ya miraba ya umbali wa kila ukolezi kutoka wastani wake:

```
s_c = (s/m) √( 1/k + 1/n + (y − ȳ)² / (m² Sxx) )
```

Usiogope urefu wake. Kipande cha mwisho kinakua sampuli inapokwenda mbali na katikati ya mstari. Yetu ni 0.353 na wastani wa viwango ni 0.349, hivyo kipande hicho ni karibu sifuri. Kinachobaki ni 0.0054 kugawanya kwa 0.1979, mara kipeuo cha pili cha theluthi moja jumlisha sudusi, yaani cha nusu. Inatoka 0.019 kwa flaski, 0.038 kwa kisima. Kwa uhakika wa asilimia 95 unazidisha kwa 2.78, thamani ya t kwa viwango sita ukitoa viwili, na kupata 0.11.

Ona pia fomula inakufundisha nini kabla hujaingia maabara: ukisoma sampuli moja badala ya tatu, 1/k inapanda kutoka theluthi hadi moja kamili, na shaka inakuwa mara moja na nusu ya ile ya awali. Michoto miwili ya ziada inakulipa kuliko kununua kemikali ghali.

Sehemu ya matokeo iwe na jedwali la usomaji wote, hata ule ulioutoa, grafu yenye vipimo kwenye mihimili yote miwili, grafu ndogo ya mabaki chini yake, mlinganyo, ε uliyoikokotoa ikilinganishwa na ya kitabuni, na mfano mmoja wa hesabu ulioandikwa hatua kwa hatua ukionyesha waziwazi palipozidishwa mara mbili. Kisha sentensi yenyewe: "Chuma chote katika maji ya kisima ni miligramu 3.5 ± 0.1 kwa lita (uhakika wa asilimia 95, sampuli tatu), kilichopimwa kwenye nanometa 510 ndani ya mstari wa miligramu 0 hadi 4 kwa lita, baada ya kupunguzwa mara mbili." Excel itakuonyesha 3.5421054498, hizo tarakimu za mwisho pipeti yako haizijui, basi nawe usiziandike.